Mhadhara Umepita, Vimebaki Vichwa

Faili lilifika kwenye kundi la wasapu la darasa saa nne usiku, na chini yake mwakilishi wa darasa aliandika maneno matatu: "Madesa ya leo." Hiyo leo mimi sikuwapo. Mchana kutwa nilikuwa Chalinze, nimejibanza kwenye kivuli cha basi lililovunjika springi, nikinunua mahindi ya kuchoma ambayo hata sikuyahitaji. Nikafungua faili kwa matumaini. Slaidi kumi na tano. Kila moja ilikuwa na kichwa, na chini ya kichwa ama picha moja ya kale isiyo na maelezo, ama weupe mtupu.

Mhadhiri wetu wa historia ya uchumi ni katika wale wanaoamini kwamba slaidi ni ya kumkumbusha msemaji, si ya kusomewa wasikilizaji. Ukiwa darasani unamshukuru, maana hakuna adhabu kama kusomewa ukutani maneno ambayo macho yako yameshayamaliza. Usipokuwapo, unachopata ni kama ukuta uliong'olewa picha: misumari ipo, kila mmoja mahali pake, ila kilichoning'inia hapo hukijui.

Wengi wetu tukipewa faili la namna hii hufanya moja ya mambo mawili. Ama tunakariri vichwa kama orodha ya kwenda nayo sokoni, ama tunachukua kila kichwa peke yake, tunakitafutia habari vitabuni na kujaza weupe. Njia zote mbili zinapoteza kitu kilekile, nacho ni sababu iliyomfanya mhadhiri aweke slaidi ya nane baada ya ya saba. Mhadhara hutoka mahali ukaenda mahali. Vichwa ni vituo tu, na barabara ya kutoka kituo hadi kituo ilikuwa mdomoni mwake.

Barabara hiyo inaweza kutafutwa. Si yote, na mbele nitaonyesha nilipopotea mimi mwenyewe, lakini sehemu kubwa inapatikana kwa kuvitazama vichwa vyenyewe na mpangilio wake. Vyangu vilikuwa hivi, nimevigeuza kutoka Kiingereza:

1. Mpango wa Karanga, 1946–1951
2. Uingereza baada ya vita: uhaba wa mafuta
3. Pendekezo la Frank Samuel
4. Tume ya Wakefield
5. Ekari 3,210,000
6. Kwa nini Kongwa?
7. Matrekta
8. Udongo
9. Mvua
10. Wagogo walijua nini?
11. Reli ya Mtwara
12. Turudi kwenye ekari
13. Nani aliamua?
14. Januari 1951
15. Maswali

Kabla ya kuumiza akili, hakikisha kwanza kwamba maelezo kweli hayamo. Faili la pawapointi lina sehemu iitwayo Notes chini ya kila slaidi, na wahadhiri wengi huandika humo vijineno vya kujikumbusha kisha wakasahau kuvifuta. Simu mara nyingi haikuonyeshi sehemu hiyo mpaka uitafute, kwa hiyo fungua kwenye kompyuta. Kama faili limegeuzwa kuwa PDF, kwa kawaida vijineno hivyo vimeshapotea, na mchoro uliokuwa ukijitokeza hatua kwa hatua darasani unaweza kuwa umerundikana wote kwa pamoja. Langu lilikuwa la pawapointi, na Notes ilikuwa tupu.

Ukiingia kwenye View ukachagua Outline View, vichwa vyote vinajipanga safu moja upande wa kushoto, na hiyo ndiyo karatasi ya kufanyia kazi. Ila usiiamini kwa macho. Kichwa kilichoandikwa kwenye kisanduku cha kawaida, badala ya mahali palipotengwa kwa kichwa, hakitokei kwenye safu ile. Kwangu vilitokea kumi na vinne. Kilichokosekana ni namba 12, "Turudi kwenye ekari", ambacho, kama utakavyoona, ndicho kilichobeba mhadhara mzima. Kwa hiyo hesabu slaidi, hesabu na vichwa, uone kama vinalingana.

Nikaandika vichwa vyangu kwenye karatasi, kila kimoja kwenye mstari wake, na kati ya mstari na mstari nikaacha nafasi ya vidole viwili. Kazi yote inafanyika kwenye nafasi hizo.

Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alitoa kitabu kilichovunja hoja katika sehemu zake. Kuna dai, kuna ushahidi, na kuna kitu cha tatu kinachoruhusu ushahidi uvuke kwenda kulifikia dai. Mimi hukiita daraja. Mtu akisema "mawingu ni mazito, chukua mwavuli", daraja lake ni kwamba mawingu mazito huleta mvua, na hakuna anayejisumbua kulitamka. Kwenye slaidi dai linaweza kuandikwa, ushahidi unaweza kuwekwa kama picha au takwimu, lakini daraja karibu kila mara huachwa liwe la mdomo. Ndiyo maana aliyekosa mhadhara anaweza kuwa na kila ukweli mkononi na bado asijue unathibitisha nini.

Kwanza natazama kila kichwa ni cha aina gani. Kuna vichwa ambavyo ni majina tu: "Matrekta", "Udongo". Hivi vinataja kinachozungumzwa, havisemi kilichosemwa juu yake. Kuna vichwa ambavyo ni maswali. Na kuna vichwa ambavyo ni madai, sentensi kamili yenye kitenzi, kama vile "Mpango uliharibika kabla ya trekta la kwanza kuwasha moto". Mwalimu mmoja wa uandishi wa kihandisi Marekani, Michael Alley, amefundisha kwa miaka mingi kwamba kila slaidi ibebe dai la namna hiyo, na chini yake uwekwe ushahidi. Laiti mhadhiri wangu angemsikia. Mimi sikuwa na dai hata moja. Nilikuwa na majina, nambari, tarehe na maswali matatu ukiacha lile la kuagana. Hapo uzito wote unahamia kwenye mpangilio, kwa kuwa mpangilio ndiyo kauli pekee iliyobaki.

Kwenye kila nafasi kati ya vichwa viwili najaribu kuweka neno moja la kuunganisha: kwa hiyo, lakini, kwa sababu, kwa mfano, kisha. Nasoma kwa sauti nisikie kama linakaa. Tano za mwanzo hazikunipa taabu. Uingereza ilitoka vitani na mgao wa chakula, na mafuta ya kula yalikuwa haba. *Kwa hiyo* Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza mwaka 1946 kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. *Kwa hiyo* serikali ya London ikatuma tume chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo huku. *Kisha* tume ikarudi mwaka uleule na hesabu yake. Hesabu yenyewe ni ile ya kichwa cha tano: mashamba 107, kila shamba ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mengi yangekuwa Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Nilijaza hayo kutoka kitabu cha maktaba, na hilo ni halali, maana sijabuni kiungo. Nimeuliza kitabu tu kama kiungo nilichokisikia kipo. Tofauti hiyo ni ndogo lakini naishika sana. Kiungo kwanza, habari baadaye. Ukianza na habari, kila kichwa kitafunikwa na kurasa ishirini za mambo ya kweli ambayo huenda mhadhiri hakuyagusa kabisa.

Ugumu ulianza kwenye namba 7, 8 na 9. Matrekta, udongo, mvua. Macho ya mwanafunzi yakiona maneno matatu mafupi yamefuatana, yanasoma mara moja: sababu tatu za kushindwa kwa mpango. Pigia mstari, kariri, nenda kalale. Nami nilikaribia kufanya hivyo. Ila kuna jaribio moja ambalo halinichukui hata dakika mbili: nabadilisha mahali pa slaidi mbili, nione kama kuna kinachovunjika. Kama unaweza kuweka mvua mbele na matrekta nyuma na hadithi ikaendelea kama kawaida, basi mbele yako una orodha tu. Kama hadithi inakataa, una hoja, na pale inapokatalia ndipo daraja lilipo.

Nikabadilisha. Mvua, udongo, matrekta. Kama ni sababu za kushindwa, huu ungekuwa mpangilio mzuri zaidi, maana ungeanza na mbingu, ukashuka ardhini, ukaishia kwenye chombo cha binadamu. Mtu anayeeleza jiografia ya Kongwa angeanza hivyo. Huyu ameanza na matrekta. Kwa nini?

Jibu linapatikana ukijiuliza nani angekutana na mambo hayo kwa mpangilio huo. Aliyeanza na matrekta ni yule aliyefika na matrekta. Vikosi vilipoingia Kongwa mwaka 1947, mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa kwa bei ya kutupa, na kabla ya kulima chochote zililazimika kung'oa kichaka. Kichaka cha Ugogo kina mizizi iliyosukana ardhini kama ukili, na mashine zikaharibika moja baada ya nyingine. Hilo ni la kwanza. Kichaka kikishaondoka ndipo unaukuta udongo: mfinyanzi wenye mchanga mkali unaokula majembe ya chuma, na kiangazi kikiingia unakauka kama tofali. Na karanga, tofauti na mahindi, huzaa chini ya ardhi. Udongo ukishagoma, hata mavuno yaliyopo hayatoki. Hilo ni la pili. Halafu, mbegu ikishakuwa ardhini, ndipo unapojua mvua ni ya namna gani. Hilo ni la tatu.

Kwa hiyo slaidi zile tatu zilikuwa safari. Kila kizuizi kilionekana pale tu kizuizi kilichotangulia kilipovukwa, na kila kimoja kilikuta fedha zimeshatumika. Neno la kuunganisha lilikuwa "ndipo": kichaka kikafyekwa, ndipo udongo ukaonekana, udongo ukalimwa, ndipo mvua ikaonekana. Hapo nilianza kuhisi mhadhiri alikuwa akielekea wapi. Mtu asemaye "sababu tatu" anazungumzia asili. Mtu asemaye "ndipo, ndipo, ndipo" anazungumzia watu waliokuwa wakijifunza kwa kuchelewa.

Nikaruka namba 10 kwa haraka, na kuruka huko kulinigharimu. Nitarudi.

Namba 11 ilinikalisha usiku. "Reli ya Mtwara." Tumetoka Kongwa, katikati ya nchi, kwenye udongo na mvua, mara tuko kusini, zaidi ya kilomita mia nne, kwenye reli. Kichwa kisichofanana na wenzake humfanya msomaji mvivu akiweke pembeni, aseme mhadhiri alipitiwa. Mimi nimejifunza kufanya kinyume. Kichwa kinachoonekana hakina ndugu ndicho kinachobana zaidi maana ya vingine, kwa kuwa maelezo yanayokipa nafasi ni machache. "Udongo" unaweza kuingia kwenye hoja kumi. Reli ya Mtwara, baada ya mvua ya Kongwa na kabla ya kurudi kwenye ekari, inaingia kwenye mbili au tatu.

Nikaziandika. Ya kwanza: reli ni hasara nyingine, inaongezwa kwenye rundo. Ya pili: reli na bandari ni faida iliyobaki, mhadhiri anataka kuwa mwadilifu kabla ya kuhukumu. Ya tatu: reli inaonyesha kitu kuhusu ukubwa wa mpango. Kisha nikazipima kwa kichwa kinachofuata. "Turudi kwenye ekari." Ya kwanza haihitaji kurudi kwenye ekari, hasara ingekwenda moja kwa moja kwenye Januari 1951, pale serikali ilipotangaza kuachana na mpango. Ya pili nayo hairudi popote. Na tena reli yenyewe iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960, bandari ndiyo ikabaki, kwa hiyo kichwa kingekuwa bandari. Ya tatu inarudi kwenye ekari bila kusukumwa. Bandari mpya na reli ya kwenda Nachingwea ni vitu ambavyo huvijengi kwa ajili ya shamba la majaribio. Unavijenga kwa sababu mtu ameshasema ekari milioni tatu. Na ukishaanza kuvijenga, vyenyewe vinakudai mzigo, mzigo unakudai ekari, na huwezi tena kusema "tusubiri misimu miwili tuone Kongwa inasemaje".

Slaidi ya 12 ilikuwa na picha ileile ya slaidi ya 5. Mhadhiri anayemaliza dakika arobaini halafu akarudisha picha ya mwanzo hafanyi hivyo kwa kukosa picha. Anataka uitazame upya, ukijua sasa usiyoyajua mwanzo. Mara ya kwanza ekari 3,210,000 zilikuwa taarifa. Mara ya pili zilikuwa mshtakiwa. Ndiyo maana kinachofuata ni "Nani aliamua?" Swali hilo haliulizwi kuhusu mvua, kwa kuwa mvua haiamuliwi. Linaulizwa kuhusu nambari.

Basi nikaandika sentensi moja ambayo mhadhiri hakuiandika popote: kwamba mpango haukuuawa na udongo wala mvua wala mashine, bali na ukubwa uliopangwa London kabla ya jaribio lolote, ukubwa ambao ulifanya kila kosa dogo liwe ghali mno kusahihishwa. Kisha nikairudisha sentensi hiyo nyuma, kichwa baada ya kichwa, nikiuliza kila kimoja: ungeondolewa, hoja hii ingepungukiwa na nini? Uhaba wa mafuta unaeleza haraka. Pendekezo la Samuel linaeleza kwa nini fikra zilikuwa za kampuni kubwa. Tume inaeleza nambari ilikotoka. Kila kimoja kikajibu, isipokuwa cha 10, ambacho kilijibu kwa sauti hafifu, nami nikakiachia.

Jaribio hili la kurudi nyuma ndilo linalokuambia kama umejidanganya. Hoja uliyoijenga vibaya huacha vichwa viwili vitatu vikiranda bila kazi. Mimi nikiona vimebaki viwili navunja na kuanza upya. Kimoja navumilia, kwa kuwa wahadhiri nao ni binadamu, hubeba slaidi ya mwaka jana kwa mazoea.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna jaribio linalolitibu, nalo ni kichwa kinachosema kisicholingana na kilicho chini yake. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa chombo cha anga cha Columbia. Januari 2003, kikiwa bado angani, wahandisi wa kampuni ya Boeing waliwasilisha kwa shirika la anga la Marekani, NASA, slaidi kuhusu kipande cha povu kilichopiga bawa wakati wa kuruka. Kichwa cha slaidi moja kilimpa msomaji picha kwamba majaribio ya nyuma yalikuwa yameacha nafasi kubwa ya usalama. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na nambari mbili: kipande cha kwenye majaribio kilikuwa inchi za ujazo 3, na kile kilichopiga bawa kilikadiriwa kuwa 1,920. Majaribio yale hayakuwa na la kusema juu ya kipande kikubwa mara 640. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi, na wote saba waliokuwamo wakafa. Ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyotoka Agosti mwaka huo, iliitaja slaidi hiyo na uchambuzi wake uliofanywa na profesa Edward Tufte. Aliyekuwa na vichwa tu angejenga upya hoja safi, yenye viungo vinavyokaa, na ingekuwa ya uongo.

Kwa hiyo kwenye karatasi yangu kila kiungo nakiandikia kimetoka wapi. Wino kwa kilicho kwenye slaidi. Penseli kwa nilichokisia. Inaonekana utoto, lakini baada ya wiki tatu, karibu na tesiti, penseli na wino vikishachanganyika kichwani huwezi kukumbuka kama "ndipo" ilikuwa ya mhadhiri au yako, na utaitetea mbele yake kama vile aliitamka yeye.

Siku tatu baadaye nilimwendea dada mmoja wa darasani ambaye hukaa mstari wa mbele na kuandika kila kitu hadi kikohozi cha mwalimu. "Naomba daftari la Jumanne," nikamwambia. "Umeshasoma slaidi?" "Nimeshasoma, na nimeshajaza." Akanitazama kama ninayetania. "Umejaza na nini, kaka, wakati hazina kitu?" Tukalinganisha.

Safari ya matrekta, udongo na mvua ilikuwa hivyo hivyo, ingawa mhadhiri hakusema "ndipo", alisema "na sasa, jamani, pauni ngapi zimeshakwenda?" kila alipobonyeza slaidi. Reli ilikuwa mtego wa ukubwa, kama nilivyokisia. Ekari zilirudi kama mshtakiwa. Kwenye mvua nilipungukiwa: nilidhani alizungumzia uchache, kumbe alizungumzia wastani. Wastani wa mvua wa mahali unaweza kutosha karatasini huku mwaka mmoja ukigharikisha na unaofuata ukiunguza, au mvua yote ikanyesha wiki ambazo karanga haiihitaji. Mkulima hali wastani. Sikuweza kulipata hilo kutoka kwenye neno moja, "Mvua", na sijui nani angeweza.

Kosa langu halisi lilikuwa namba 10. "Wagogo walijua nini?" Kwa penseli nilikuwa nimeandika bila kusita: walijua kila kitu, hawakuulizwa. Ilikaa vizuri, ilinifurahisha, na ilifanana na mambo mengi tunayoyasema kuhusu ukoloni, tena mengi yake ni kweli. Wagogo waliijua njaa. Ile ya 1917 hadi 1920, iliyoitwa Mtunya, ilikuwa bado hai midomoni mwa wazee wakati matrekta yanafika. Kwenye daftari la yule dada palikuwa na jambo jingine. Mhadhiri aliuliza swali lile kwa kweli, akalijibu kwa vipande. Walijua ukame, wakaishi nao kwa mifugo na nafaka zinazovumilia, na hilo lingetosha kuwafanya wageni wasite. Lakini je, walijua karanga iliyolimwa kwa trekta kwenye maelfu ya ekari ingefanyaje? Hawakujua, wala Wakefield hakujua, wala hakuna aliyekuwa anajua, kwa kuwa haikuwahi kufanyika hapo. Jambo hilo lilikuwa na njia moja tu ya kujulikana: shamba dogo, misimu michache, kabla ya kununua chochote. Swali la 10 lilikuwa mlango wa kuingilia kwenye ekari, na mimi niligeuza kuwa ubao wa kaulimbiu.

Ndiyo maana kilijibu kwa sauti hafifu nilipokipima. Dalili ilikuwapo. Jibu langu lilifunga mjadala pale pale, halikudai slaidi inayofuata, na kiungo kati ya 10 na 11 nilikuwa nimekiandika "pia", ambalo ni neno la mtu aliyeshindwa kupata kiungo. Swali kwenye kichwa lina sura mbili, la kuulizwa na la kusutia, na alama ya kuuliza ni ileile. Sauti ndiyo inayotofautisha, na sauti haimo kwenye faili. Ukikuta kichwa cha swali, andika majibu mawili yanayopingana, hata kama moja linakuchefua, kisha uone lipi linahitaji slaidi inayofuata.

"Mbona hukuniomba daftari siku ileile?" dada aliniuliza tukimaliza. Nikamwambia ningelisoma kwanza, ningeamini nimeelewa, na nisingejua ni wapi hasa sikuelewa. Akacheka, akasema hiyo ni lugha ya mtu aliyechelewa basi.

Nawe ukikosa mhadhara, jenga wako kwa vichwa kwanza, hata kwa saa moja tu, halafu ndipo ukaombe daftari. Na ukiliomba, usianze na ukurasa wa kwanza. Nenda moja kwa moja pale ulipoandika "pia".